Ustadi wa Kuficha Bila Kudanganya

Agosti 31, 1981, wapita njia wa Paris na miji mingine ya Ufaransa waliona bango la msichana aliyesimama ufukweni, amevaa vazi la kuogelea la vipande viwili. Hapakuwa na bidhaa wala jina la kampuni. Palikuwa na ahadi tu: Septemba 2 angevua kipande cha juu. Siku hiyo ilipofika alikuwa amekivua, na bango likatoa ahadi nyingine kwamba Septemba 4 angevua cha chini. Septemba 4 nacho kilikuwa kimevuliwa, ila safari hii alikuwa ameipa kamera mgongo, na hapo ndipo mwenye tangazo alipojitaja. Ilikuwa Avenir, kampuni ya kukodisha mabango, ikijinadi kuwa ndiyo mwenye mabango anayetimiza ahadi zake.

Watetezi wa wanawake waliilaumu kampeni hiyo kwa kugeuza mwili wa mtu kuwa chambo, na walikuwa na haki. Lakini ukiuweka mwili pembeni na kutazama mifupa ya kazi yenyewe, utaona ufundi wa hali ya juu. Biashara ya Avenir ilikuwa kubandika karatasi mahali palipokubaliwa, siku iliyokubaliwa. Mabango matatu yaliyobadilika kwa tarehe yalikuwa ushahidi wa kazi hiyo hiyo. Mtu alipokuwa akisubiri kuona kama ahadi itatimizwa, tayari alikuwa akiijaribu bidhaa bila kujua. Kilichofichwa na kilichotumika kumvuta mtu vilikuwa kitu kimoja.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia ninapotazama vionjo vya matangazo vya leo, hasa vile vitatu vitatu vinavyowekwa Instagram kabla ya kutoka aplikesheni mpya ya mazoezi. Wabunifu wengi huanza na saa inayohesabu siku kurudi nyuma, au kivuli cha mwanamume mwenye kifua kipana, na maneno kwamba kitu kikubwa kinakuja. Kionjo cha namna hiyo kingefaa pia kutangaza gari, albamu au benki, kwa hiyo hakimfanyi mtu aulize chochote. Mwaka 1994 George Loewenstein, mchumi anayechunguza saikolojia, aliandika kwamba udadisi huzaliwa pale mtu anapoliona pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Asiyejua lolote haoni pengo. Kwa hiyo kionjo lazima kitoe kitu kabla ya kuficha kitu.

Tuchukue mfano tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme kuna aplikesheni ya mazoezi ya dakika kumi, yanayofanyika nyumbani bila kifaa chochote, na ikishapakuliwa haihitaji bando. Itatoka Jumamosi tarehe 14. Mbunifu mwenye mkono mzuri haanzi na posti ya kwanza. Anaanza na ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo inayolipa deni, na huwezi kukopa bila kujua utalipa nini. Anajiuliza: katika yote ambayo aplikesheni hii inafanya, jambo lipi moja ni la kweli na halisemwi na wengine? Jibu analolipata ni nafasi. Anayeishi chumba kimoja amezoea kudhani kwamba mazoezi yana wenyewe, watu wenye ua mpana au wenye hela ya jimu. Aplikesheni hii inataka sakafu ya ukubwa wa mkeka, basi.

Kwa hiyo posti ya tatu, ya Alhamisi tarehe 12, ni picha ya mwanamke juu ya mkeka, kati ya kitanda na ukuta, amekaza mwili kwenye planki, simu mbele yake ikionyesha kioo cha aplikesheni. Jina lipo, tarehe ipo, na pa kujisajili papo. Akishaipata hiyo, mbunifu anarudi nyuma akipunguza. Posti ya pili, Jumatatu tarehe 9, ni mkeka ule ule kwa pembe ile ile, hauna mtu, ila una alama mbili za viganja vilivyolowa jasho. Chini yake maneno: “Dakika kumi zimepita hapa.” Posti ya kwanza, Jumatano tarehe 4, ni mkeka mtupu katika mwanga wa asubuhi, na maneno mawili: “Hapa panatosha.”

Angalia kilichotolewa kila mara. Ya kwanza imetoa mahali, ya pili muda na jasho, ya tatu mtu na chombo chake. Hakuna inayorudia nyingine kwa sauti ya juu zaidi. Ni kama kitendawili kilichotegwa vizuri: ukishapewa jibu, unaona kwamba lote lilikuwamo ndani yake tangu mwanzo. “Panatosha” ilikuwa kweli kabla hatujajua panatosha kwa nini.

Sasa kuna ugumu ambao Avenir hawakuwa nao. Bango lilibaki mahali pake, na anayepita kila siku aliyaona mambo kwa mpangilio. Simu haina uaminifu huo. Tangu 2016 Instagram kwa kawaida haipangi posti kwa kufuata saa zilipowekwa, hivyo mfuasi anaweza kuiona ya Jumatatu siku ya Alhamisi, au kuiona ya pili bila kuwahi kuiona ya kwanza. Ndiyo maana fundi haandiki “kesho” wala “siku tatu zijazo”, bali “Jumamosi tarehe 14”. Ndiyo maana pia kila picha lazima isimame peke yake. Alama za viganja juu ya mkeka zinamshika hata yule asiyejua kwamba kulikuwa na mkeka mtupu kabla yake, na aliyeuona mtupu anapata zaidi. Kuandika kwa wasomaji hao wawili kwa sentensi moja ndiyo sehemu ya kazi hii ninayoistahi kuliko zote.

Ugumu mwingine uko kwenye ukurasa wenyewe. Posti hupangwa tatu kwa kila mstari, na mpya zaidi hukaa kushoto. Kwa hiyo anayefungua ukurasa baada ya Alhamisi husoma kuanzia jibu: mwanamke kwanza, viganja katikati, mkeka mtupu kulia. Mbunifu makini hulijua hilo kabla ya kupiga picha. Hupanga ukingo wa mkeka na mstari wa ukuta ukatane vizuri kutoka picha hadi picha, ili zote tatu zikikaa pamoja zionekane chumba kimoja kirefu, kisha huanza kuweka kipande cha kulia. Vilevile haweki posti nyingine yoyote katikati ya hizo tatu, maana ikiingia moja tu mstari unavunjika na chumba kinakatika. Baada ya kampeni, posti moja mpya itausogeza mstari wote, kwa hiyo zinazofuata nazo huwekwa tatu tatu kila zinapoweza.

Je, utajuaje kama pengo ni la kiasi? Soma maoni ya saa za mwanzo chini ya posti ya kwanza, na usihesabu alama za kupenda, kwani hizo hutolewa hata kwa picha nzuri tu. Tafuta makisio. Kama watu wote wanataja aplikesheni ya mazoezi, umefungua mno, na ya pili haitakuwa na kazi. Kama hakuna anayekisia, umefunga mno. Hali njema ni makisio yanayotofautiana lakini yanayozunguka jambo moja: mmoja anasema yoga, mwingine darasa la mazoezi, wa tatu anauliza kama ni fanicha za vyumba vidogo. Hatari kubwa ni wengi kukubaliana juu ya jibu lisilo lako. Kwa Tanzania, mkeka pia ni orodha ya mechi za kubeti, na ukiandika neno hilo chini ya picha, maoni yote yatakwenda huko, kisha Alhamisi watu watahisi wameuziwa kitu kingine. Kwa sababu hiyo neno lenyewe halionekani popote katika posti tatu zile. Likitokea kosa la namna hiyo, posti ya pili ndiyo ya kurekebishia, na ndiyo sababu haifai kufungwa kabisa kabla ya kuona ya kwanza ilivyopokelewa.

Kuna pia mpaka unaoihusu mada ya mwili. Matangazo ya kulipia ya Instagram na Facebook hayaruhusu picha za kabla na baada ya kupungua uzito, wala maneno yanayomfanya mtu auchukie mwili wake. Kampeni iliyojengwa juu ya tumbo la mtu fulani itakwama siku utakapotaka kuilipia ifike mbali. Mkeka wenye jasho haumtukani yeyote. Unaonyesha kazi, na unamwachia mtazamaji uhuru wa kujiweka pale.

Mwisho kuna tarehe, na hapa uungwana wa kionjo hupimwa. Akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Google Play hutakiwa kwanza kufanya majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba ruhusa ya kutoa aplikesheni kwa umma, na App Store nayo hukagua kila aplikesheni kabla ya kuiruhusu. Anayetangaza Jumamosi kabla ya ukaguzi kumalizika anaahidi kitu kilicho mikononi mwa mtu mwingine. Mpangilio salama ni kumaliza majaribio, kupata kibali, kuzuia aplikesheni isitoke mpaka siku yake, jambo ambalo maduka yote mawili yanaliwezesha, ndipo kuweka posti ya kwanza. Google Play hufungua usajili wa awali hadi siku 90 kabla, na aliyejisajili hupelekewa taarifa aplikesheni inapotoka. Kiungo cha usajili huo kikae kwenye wasifu wa ukurasa, maana kiungo kilichoandikwa ndani ya maelezo ya posti hakibonyezeki. Udadisi wa Alhamisi usipopewa pa kwenda hupoa kabla ya Jumamosi.

Posti tatu ni kazi ndogo kwa wingi wake: picha tatu na maneno yasiyojaza mistari mitano. Lakini ndani yake kuna maamuzi kuhusu ukweli, mpangilio, subira na heshima kwa mtu asiyekuona. Ukikutana na kionjo kilichokushika, subiri posti ya tatu, kisha rudi uitazame ya kwanza. Kama bado inasema kweli, aliyeitengeneza ni fundi, na aplikesheni yake inastahili kupewa dakika kumi zako.