Ufundi wa Kutotaja

Kwa Wadatooga wa Mbulu na Hanang, bibi harusi akishaingia kwenye boma la mumewe huanza kujifunza kuzungumza upya. Jina la baba mkwe halitamki, wala majina ya wakubwa wengine wa ukweni. Na mwiko hauishii kwenye jina. Majina ya wanaume wa Kidatooga huanza na Gida-, ya wanawake Uda-, na hicho kiambishi hakina neno. Kinachoogopwa ni kile kinachofuata, maana mara nyingi kimetokana na mambo ya kila siku yaliyotokea mtoto alipozaliwa. Tuseme baba mkwe alizaliwa mvua ikinyesha, na jina lake likabeba mvua ndani yake. Mkwe wake hatasema tena kwamba mvua inakuja. Ataepuka hata maneno mengine yanayofanana na jina hilo kwa sauti. Yapo maneno mbadala ambayo wanawake wote wanayajua. Pasipo na mbadala atageuza herufi, au atazunguka mpaka msikilizaji aelewe mwenyewe. Mwanaisimu Alice Mitchell aliifanya lugha hii ya wake kuwa mada ya tasnifu yake ya uzamivu mwaka 2015, baada ya kuishi na Wadatooga wa Mbulu na kurekodi mazungumzo yao.

Wapo watakaoona hapo mwanamke aliyezibwa mdomo. Mimi naona pia ufundi, na tena mgumu. Jaribu kupanga foleni ya maji, kutuma watoto, kubishana bei ya kuku mnadani, huku kila sentensi ukiipitisha kwenye chujio kabla haijatoka. Mwanamke aliyefanya hivyo miaka kumi ana ulimi unaomtii.

Tena ufundi wenyewe huwezi kujifunza peke yako. Wake wa ndugu wawili wana baba mkwe mmoja, kwa hiyo maneno wanayoyakwepa ni yale yale, na mgeni lazima apate wa kumnong'oneza: hilo usiseme hapa, sisi tunasema hivi. Anayemfaa kwa kazi hiyo ni mke wa kaka mkubwa, yule yule ambaye katika boma jingine angekuwa mshindani wake wa kwanza. Huko pwani wifi mwenye neno lake atanunua kanga yenye maandishi ya kuchoma, aipitishe mbele ya mlango wa mwenzake, na aliyelengwa ajue amelengwa. Hapa Hanang kijembe cha aina hiyo hakina ustadi wa kusifiwa. Anayesifiwa ni aliyeweza kulisema jambo lote na mtu asitajwe.

Lakini mwiko huu unatazama juu, kwa wakwe wakubwa. Kati ya wake wenyewe, na kati yao na mawifi, hauna kazi. Hapo umbea unapita bila kizuizi, na ukiufuatilia nyuma aghalabu utafika kwenye maziwa. Kila mke ana nyumba yake na ng'ombe ambao yeye ndiye mwenye haki ya kuwakamua. Baadhi alikuja nao kutoka kwa baba yake na jamaa zake. Wanachungwa katika kundi la mume, ila ni wa nyumba yake na watoto wake. Zamani, maziwa yakiwa mengi, nani angehesabu vibuyu vya mwenzake? Kisha kuanzia miaka ya 1970 mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yakachukua takriban hekta 40,000 za malisho ya Wabarbaig, yaani Wadatooga wa Hanang, na wengine wakabaki na mifugo michache na shamba la mahindi. Siku hizi vibuyu vinahesabiwa.

Chukua boma moja la namna hiyo wakati wa kiangazi: wake watatu wa ndugu, mama mkwe, na wifi aliyeachika akarudi nyumbani na mtoto wake. Ng'ombe wa mke mdogo amezaa karibuni na anatoa kuliko wengine. Linazuka neno kwamba mke mdogo anauza maziwa barabarani na mama analala na chai ya rangi. Kabla hajaambiwa chochote, dalili anaziona. Watoto hawatumwi tena nyumbani kwake kuomba chumvi wala kaa la moto. Wenzake wanaondoka kwenda kuteka maji bila kumwita. Akiingia, kibuyu kinafunikwa. Halafu mke wa kati anamletea habari yenyewe, kwa upole mwingi, akianza na "mimi sipendi maneno".

Hapo ndipo wengi huharibu. Mmoja atauliza nani kasema, na swali hilo peke yake limeshampa mchongezi kazi ya kurudi alikotoka na mzigo mpya. Mwingine atanyamaza mpaka usiku, amweleze mume. Hili la pili ni baya zaidi, kwa sababu mume hatamfuata mke wa kaka yake. Atamfuata kaka yake, na ndugu wakishagombana hoja haitakuwa kibuyu tena, itakuwa kugawa kundi. Ugomvi wa wanawake ungeisha msimu wa mvua. Wa kundi watoto wao wataurithi.

Mke mdogo wa kisa hiki alimjibu mke wa kati hivi: "Asante, mwenzangu. Hilo neno ni la mama, basi twende wote tukalimalize kwa mama." Mke wa kati akakumbuka kuni zake. Asubuhi iliyofuata mke mdogo akakamua zizini mbele ya wote, akajaza kibuyu cha mama mkwe kabla ya chake, na aliyempa akipeleke ni mtoto wa yule wifi. Kisha akaenda mwenyewe. Hakusema "nimesikia". Alisema, "Mama, ng'ombe wangu huyu kama anakunyima niambie, na kama anakutosha, liseme siku watu wakiwepo."

Hakuna aliyetajwa. Mama mkwe hakuhitaji kutajiwa. Neno limetoka kwa binti yake, naye anajua njia lililopitia. Sasa ni juu yake kumkanya, kwa wakati wake, na binti hataaibika mbele ya mke wa ndugu yake. Huo ndio ustadi ninaousifu: adabu ambayo mke alifundishwa kwa ajili ya jina la baba mkwe ameihamishia kwa wifi ambaye hakuna mila inayomlazimisha kumstahi. Naye mke mdogo anayo haki ya kuuza maziwa yanayobaki, na anaendelea kuyauza. Ustaarabu wake haukumgharimu hata kibaba.

Kuna mahali ufundi huu haufai, na wanawake wa Kidatooga wanapajua. Mke akipigwa na kudhalilishwa, kunyamaza si adabu tena. Kwa hayo lipo baraza lao, girgwageda gademga, ambalo mwanaanthropolojia George Klima alilieleza katika maandishi yake ya miaka ya 1960: wanawake hukusanyika, husikiliza, humhukumu mwanaume, na wanaweza kumtoza ng'ombe. Mbele ya baraza hilo mambo husemwa wazi, na mke ambaye boma zima halijawahi kumsikia akipeleka maneno ya mtu ana nafasi nzuri ya kusadikiwa, pengine kwa ushahidi wa wifi yule yule.