Barua Inayomkumbusha Mwalimu

Mhadhiri anapoombwa awe mdhamini, anaombwa mambo mawili kwa mpigo: amkumbuke mwombaji, kisha aseme ukweli juu yake. Hilo la pili ni lake peke yake. La kwanza ni kazi ya mwombaji, na hapo ndipo ulipo ufundi wa barua pepe ninayotaka kuisifu. Hapa Brussels nimesomeshwa barua nyingi za aina hii kabla hazijatumwa, kwa kuwa vijana wa Afrika Mashariki wanaomaliza uzamili na kutaka kuendelea na uzamivu huhitaji neno la mwalimu wa nyumbani, yule aliyewaona wakianza. Zilizo nzuri hazibembelezi. Zina taarifa tu, kila moja mahali pake.

Nichukue moja. Mwandishi wake alisoma shahada ya kwanza Dar es Salaam, na utafiti wake wa mwisho ulihusu miche ya mchu iliyopandwa Kunduchi, kwenye mikoko. Miaka ikapita, akaja Ubelgiji, na sasa aliomba nafasi ya uzamivu. Alianza hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nilimaliza mwaka 2019, na wewe ndiye uliyenisimamia utafiti wa miche ya mchu kule Kunduchi. Ikiwa unaona unanifahamu vya kutosha kuandika barua yenye uzito, naomba uwe mdhamini wangu katika maombi ya uzamivu. Mwisho wa kupokea barua ni tarehe 15 Januari, saa 11 jioni kwa saa za Brussels, yaani saa 1 usiku kwa saa za Dar es Salaam. Ratiba yako isiporuhusu nitaelewa, na nitashukuru ukinijulisha wiki hii ili nimwombe mwingine."

Hakuna wasifu wa kurasa mbili kabla ya ombi. Mwalimu anajua nani anaandika, walikutana wapi, anatakiwa afanye nini na lini, hata kabla hajashusha skrini ya simu. Kisha kuna ile nafasi ya kukataa. Wengi huiogopa, wakidhani inamfungulia mwalimu njia ya kukimbia. Lakini mhadhiri aliyekubali kwa haya huandika mistari mitano isemayo kwamba mwanafunzi alihudhuria vipindi na ana nidhamu, na msomaji wa barua huku Ulaya huielewa mara moja: huyu hamfahamu. Afadhali mwalimu akatae mapema kuliko kukubali shingo upande.

Saa nazo zina hesabu yake. Majira ya baridi Brussels iko nyuma ya Dar es Salaam kwa saa mbili. Saa za kiangazi zikianza mwishoni mwa Machi, tofauti hubaki saa moja. Tovuti ikiandika 17:00, mwalimu asiyeambiwa ni saa za wapi anaweza kukosea kwa saa mbili nzima. Ikiandika 23:59, kwa Dar es Salaam ni karibu saa 8 usiku, na tarehe imeshageuka. Mwandishi wetu alifanya hesabu hiyo mwenyewe akaweka jibu tayari. Pia alituma ombi katikati ya Desemba, mwezi mzima kabla, akijua kwamba sikukuu na usahihishaji wa mitihani hula siku nyingi.

Aya yake ya pili ilikuwa na jambo ambalo mtu wa Brussels pekee ndiye angelikumbuka. Mji huu una vyuo vikuu viwili ambavyo majina yao, moja la Kifaransa na jingine la Kiholanzi, yana maana ile ile: Chuo Kikuu Huru cha Brussels. Kilikuwa chuo kimoja tangu 1834, kikagawanyika kwa misingi ya lugha mwaka 1969 na 1970. Leo ni Université libre de Bruxelles, yaani ULB, na Vrije Universiteit Brussel, yaani VUB. Kampasi zao mbili zinapakana, na vyote viwili vina watafiti wa mikoko. Mwalimu akiandika tu "chuo kikuu huru cha Brussels", hakuna ajuaye anamaanisha kipi. Akikosea kifupi, barua nzuri itaonekana imeandikiwa jirani. Kwa hiyo kijana aliandika jina kamili la Kiholanzi, kifupi VUB, jina la programu, na kiungo cha tangazo lenyewe.

Kisha akaeleza barua itakavyosafiri. Tovuti za maombi mara nyingi hazitaki barua ipitie mkononi mwa mwombaji. Mwombaji huingiza jina na barua pepe ya mdhamini, na mfumo humtumia mdhamini kiungo cha kupakia barua. Ujumbe huo unatoka kwenye anwani isiyojibiwa na huweza kuangukia kwenye spamu. Alimwambia mwalimu autazamie siku gani, na amjulishe usipofika. Aliuliza pia atumie anwani gani, akieleza kwamba ile ya chuo, inayoishia na udsm.ac.tz, huaminiwa zaidi kuliko ya binafsi. Na hakuliingiza jina la mwalimu mahali popote kabla ya kupata jibu. Kumwomba mtu ridhaa ni adabu ya kwetu tangu zamani, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, imewafanya wengi waizingatie zaidi.

Sehemu tamu kuliko zote ni ukurasa mmoja alioambatisha pamoja na wasifu, nakala ya matokeo na muhtasari wa utafiti anaoutaka kuufanya. Aliorodhesha mambo ambayo mwalimu aliyaona kwa macho yake. Kwamba miche mingi ilipokufa katika kiwanja kimoja, alirudi kupima chumvi ya maji ya udongoni badala ya kukifuta kiwanja hicho kwenye takwimu. Kwamba alama yake ya takwimu mwaka wa pili ilikuwa C, na akarudia mazoezi yote kabla ya kuanza utafiti. Hakujiita hodari wala mchapakazi. Aliweka matukio, akamwachia mwalimu aamue yana maana gani.

Ukurasa huo unatatua jambo jingine linalofahamika sana vyuoni kwetu. Mwalimu aliyelemewa na kazi hujibu, "Andika mwenyewe, nitasaini." Hana nia mbaya, amechoka. Ila barua iliyoandikwa na mwombaji hufanana sauti na maelezo yake binafsi, na wasomaji wazoefu huitambua. Zaidi ya hapo, haina hukumu ya mtu wa pili, na hukumu hiyo ndiyo iliyoombwa. Mwenye ukurasa wa matukio anaweza kujibu kwa heshima: "Mwalimu, maneno ningependa yawe yako, lakini kila utakachohitaji nimekiweka hapa." Hapo kazi iliyobaki ni ya saa moja badala ya jioni nzima.

Wiki moja kabla ya mwisho alituma mistari miwili ya kukumbusha, yenye tarehe na saa zile zile. Barua ilipopokelewa alishukuru, na matokeo yalipotoka aliyapeleka kwa mwalimu kwanza. Hili la mwisho nalo ni sehemu ya ufundi, kwa maana mdhamini ameweka jina lake rehani na ana haki ya kujua limefanya kazi gani. Mwalimu akijua hivyo, mwanafunzi mwingine akimwandikia mwakani, ataifungua barua yake kwa moyo mweupe.