Hesabu Kabla ya Modeli

Mtakwimu mzuri utamjua kwa swali lake la kwanza. Mwambie unataka kubashiri, tangu kliniki ya wajawazito, ni mama yupi atajifungua mtoto wa chini ya kilo 2.5. Haulizi una rekodi ngapi. Anauliza ni watoto wangapi walizaliwa na uzito huo. Tuseme kituo kina uzazi 600 kwa mwaka, na mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa mdogo. Rejista ni nene, lakini modeli ina matukio 60 tu ya kujifunzia.

Kisha anahesabu vigezo, na hapo hana haraka. Kiwango cha damu ni kigezo kimoja. Hali ya ndoa yenye majibu manne inakula vitatu, kwani jibu moja hubaki la kulinganishia. Orodha iliyoonekana fupi inafika vigezo 20.

Kanuni ya haraka, iliyoenea baada ya utafiti wa Peduzzi na wenzake wa 1996, inataka matukio 10 kwa kila kigezo: matukio 200, yaani uzazi 2,000. Anaiandika pembeni tu, maana kanuni hiyo haiulizi ishara ina nguvu kiasi gani. Swali hilo limo katika fomula ya Riley na wenzake:

```
n = p / ((S - 1) * ln(1 - R2/S))
```

Hapa `p` ni vigezo. `S` huwekwa 0.9, kwamba tunavumilia modeli itie chumvi kwa takriban asilimia 10. `R2` ndiyo ukubwa wa athari: sehemu ya tofauti kati ya akina mama ambayo modeli inatarajiwa kuieleza. Pasipo utafiti wa awali, anachukua asilimia 15 ya kiwango cha juu kinachowezekana. Kwa tukio la 1 kati ya 10, kiwango hicho ni 0.478, hivyo `R2` ni kama 0.072. Jibu: uzazi takriban 2,400, rejista za miaka minne.

Angechukua asilimia 30, uzazi kama 1,150 ungetosha. Kishawishi ni kikubwa, na ninamheshimu kwa kukikataa. Data ikipungua, modeli hukariri rejista. Akija mama mpya, ataambiwa hatari ni 40 kwa 100 ilhali kwa wenzake wa aina hiyo ni 25.

Badala yake anapunguza vigezo. Vikibaki 12, uzazi 1,450 unatosha, miaka miwili na nusu hivi. Anavichagua pamoja na wakunga, kwa ujuzi wao, kabla hajaona uzito wa mtoto hata mmoja. Kigezo kilichojaribiwa kwenye data kisha kikatupwa kimeshaipa modeli nafasi ya kukariri, kwa hiyo katika `p` yake bado kinahesabiwa.