Kuitambua Betri ya Gari kwa Picha

Kijana mmoja wa Tanga alimpelekea ami yake, aliyekuwa Kariakoo kumnunulia betri, picha ya betri kuukuu ya gari lake la Kijapani, ambayo karatasi yake ilikuwa imeliwa na tindikali hata halikusalia andiko la kusomeka ila 12V. Na njia aliyoifuata mzee yule inastahili kuelezwa, kwa kuwa picha humfaa mwenye kujua la kutazama, na humponza asiyejua.

Alianza na umbo. Picha ilipigwa kutoka juu, na urefu wa betri ulikaribia mara mbili ya upana wake, jambo lililomwelekeza kwenye kundi la B24, ambalo lina urefu wa milimita 238 na upana wa 129. Walakini D31, kubwa kuliko hiyo kwa mbali, ina takriban 306 kwa 173, na pichani maumbo hayo mawili hufanana. "Mwanangu, iwekee futi kwa upana, kisha piga tena," akamwambia, na futi iliposoma sentimita 13 kasoro kidogo, shaka ikaondoka.

Penye makosa mengi ni upande wa vichwa. Betri ikigeuzwa vichwa vyote viwili vikawa karibu nawe, chanya ikiwa kuliani hiyo ni L, na ikiwa kushotoni ni R. Hilo huwashangaza wengi, lakini herufi hiyo husomwa kwa kuitazama betri kutoka ubavu wake mfupi ulio karibu na chanya. Zaidi ya hayo, kamera ya mbele ya simu huweza kupindua picha kama kioo, basi mzee akahakikisha kwanza kwamba 12V inasomeka sawasawa, ndipo alipohukumu kuwa ni L. Angalinunua R, nyaya huenda zisingefika, na anayezilazimisha hata akazibadilisha huunguza fyuzi na pengine altaneta.

Vichwa navyo vina unene wa namna mbili: chanya nyembamba ina kipenyo cha milimita 14.7, na nene 19.5, ambayo huongezewa herufi S mwishoni. Kishikio cha waya kilichozoea kichwa kinene hakikazi barabara juu ya chembamba, na gari hukataa kuwaka ilhali betri ni nzima. Hapo pia futi ilitumika.

Kuhusu uwezo, ile 46 iliyo mwanzoni mwa jina kamili la betri kama 46B24L ni daraja la nguvu, wala si ampea-saa. Betri hiyo hiyo huandikwa 36 ikipimwa kwa saa 5, na 45 ikipimwa kwa saa 20, hivyo mwenye kulinganisha bei za maduka mawili asidhani ya pili ina nguvu zaidi mpaka ajue saa za kipimo.

Mzee alinunua 46B24L isiyo na S. Nawe ukiagizwa betri kwa picha, usitoe fedha kabla hujaletewa picha yenye futi, na vichwa vyote viwili vikionekana.