Kumbukumbu Ndani ya Nusu Mililita

Siku ya chanjo huanza na barafu. Katika kituo kimoja cha afya Wilaya ya Chake Chake, Pemba, muuguzi anatoa pakiti za barafu kwenye friza, anazitandaza mezani na kuziacha. Kila baada ya muda anachukua moja, anaitikisa karibu na sikio, anairudisha. Anangoja mpaka asikie maji yakicheza ndani. Hapo ndipo anazisimamisha pembeni mwa kibebeo, anatia vichupa katikati na kufunika.

Mgeni wa kazi hii angedhani barafu ikiwa ngumu zaidi ndiyo bora zaidi. Kumbe baadhi ya vichupa vile huharibiwa na joto na vingine huharibiwa na kuganda. Tofauti hiyo inatokana na kilichomo ndani, na kilichomo ndani ndicho kinachoamua namna chanjo inavyoufundisha mwili kukumbuka. Ndiyo maana napenda kuitazama mikono ya muuguzi huyu: mambo ambayo vitabu huyaeleza kwa kurasa nyingi, yeye huyatenda bila kuyasema.

Mtoto wa kwanza ana wiki 14. Muuguzi anasoma kadi, kisha anainua kichupa cha matone ya polio na kukigeuza mpaka aione alama ya joto: duara la zambarau lenye mraba mweupe ndani. Kadiri kichupa kinavyokaa kwenye joto, mraba huwa mweusi, na ukishafanana rangi na duara, kichupa hakitumiki tena. Polio ya matone ndiyo dhaifu kuliko zote mbele ya joto, kwa kuwa ndani yake mna virusi hai waliopunguzwa makali. Matone mawili yanaingia kinywani. Kuanzia hapo virusi hao watazaliana kwenye utumbo wa mtoto kwa wiki kadhaa, na kinga itajifunza pale pale ambapo polio halisi ingepitia.

Mtoto huyo huyo anachomwa pia polio ya sindano. Hiyo ni ya virusi waliouawa. Haizaliani popote, huuonyesha mwili umbo la adui na basi. Huacha kingamwili nyingi kwenye damu, zinazomzuia kirusi asifike kwenye mishipa ya fahamu, lakini utumboni haiweki ulinzi wa kutosha. Aliyechanjwa kwa sindano peke yake hapoozi, ila bado anaweza kumbeba kirusi na kumpitisha kwa wengine. Kwa hiyo mtoto anapewa zote mbili siku moja, kila moja kwa kumbukumbu ya mahali pake.

Kisha inakuja penta, na hapa muuguzi anapunguza mwendo. Anakitikisa kichupa, anakiinua kwenye mwanga wa dirisha, anatazama. Nusu mililita ya maji haya meupeupe inakinga magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na magonjwa ya bakteria Hib, ambayo ni pamoja na homa ya uti wa mgongo. Karibu kila njia ya kutengeneza chanjo isiyo hai imo humo.

Kifaduro kimo kama bakteria mzima aliyeuawa. Vipande vya ukuta wake vinatosha kuustua mwili, na hivyo ndivyo vinavyochangia sana homa ya usiku ambayo muuguzi humtahadharisha kila mama. Homa ya ini imo kama sehemu moja tu ya kirusi, protini ya ganda lake, inayotengenezwa na chembe za hamira zilizopandikizwa jeni ya kirusi hicho. Ni safi sana, na kwa sababu ya usafi huo ni kimya: mwili ungeweza kuipita bila kuijali. Ndiyo maana hushikizwa kwenye chumvi ya alumini, ambayo huwaamsha walinzi wa mwili pale pajani ilipochomwa.

Chumvi hiyo ndiyo inayoogopa kuganda. Ikiganda hata mara moja, chembe zake hugandamana na chanjo hupoteza nguvu, na alama ya joto haitaonyesha lolote. Muuguzi akishuku, ana kipimo chake. Anachukua kichupa cha toleo lile lile, anakigandisha makusudi mpaka kiwe barafu, anakiyeyusha, kisha anavitikisa vyote viwili na kuviweka sambamba juu ya meza. Kile alichokigandisha hutuama upesi. Juu hubaki maji maangavu na chini mashapo. Kile anachokishuku kikituama kwa kasi ile ile, kinatupwa. Kikibaki cheupe kwa muda, ni kizima. Hakuna mashine, ni macho na subira.

Hib ndiyo kazi ya ustadi kuliko zote. Bakteria huyu amejivika koti la sukari, na kinga inayofaa ni ile inayolitambua koti hilo. Lakini mtoto wa chini ya miaka miwili akichomwa sukari tupu, mwili wake karibu haufanyi kitu. Seli B hushika sukari, ila haziwezi kuikatakata na kuionyesha kwa seli T, ambazo ndizo husaidia na kutoa idhini ya kumbukumbu kuhifadhiwa. Seli T hizo husoma vipande vya protini tu. Watengenezaji waliifunga sukari ya Hib kwenye protini ambayo mwili unaielewa, mara nyingi sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali. Seli B iliyovutwa na sukari humeza mzigo mzima, huonyesha kipande cha protini, na seli T huja kuisaidia. Msaada ulioitwa kwa ajili ya pepopunda hutumika kujenga kumbukumbu ya sukari. Sindano nyingine mtoto anayochomwa, ile ya nimonia, imejengwa kwa ufundi huo huo.

Muuguzi anashika paja, anaingiza sindano wima katikati ya upande wa nje, anasukuma, anatoa. Mtoto analia na mama anamweka kifuani.

Mama anayefuata ana wasiwasi. Mwanawe alipata penta ya kwanza akiwa na wiki sita, kisha familia ikahamia kambini kuchuma karafuu, na sasa imepita miezi minne.

"Tunaanza upya, daktari?"

"Hatuanzi upya, mwanangu. Tunaendelea tulipoachia."

Jibu hilo fupi lina elimu kubwa. Baada ya dozi ya kwanza, seli B zilizoitambua chanjo huingia kwenye mitoki na kuanza kushindana. Huzaliana, hubadilika kidogo kidogo, na zile zinazoshika adui kwa nguvu zaidi ndizo zinazobakizwa. Shindano hilo huchukua wiki nyingi, hata miezi. Dozi ya pili ikija kabla ya wiki nne hukuta wanafunzi bado hawajaiva, na mama anayefika mapema mno huambiwa arudi baadaye. Ikichelewa, seli za kumbukumbu zipo pale pale zikingoja. Hasara ya kuchelewa ni nyingine: katika miezi ile minne mtoto alikuwa na dozi moja tu, na kifaduro hakingojei mavuno yaishe.

Kungoja ni sehemu ya hesabu hata baada ya dozi zote kukamilika. Seli za kumbukumbu zikiamshwa huhitaji siku kadhaa kuzalisha kingamwili mpya. Homa ya ini aina ya B huchukua wiki sita hadi miezi sita tangu kirusi kiingie mpaka ugonjwa uonekane, kwa hiyo aliyechanjwa zamani, hata kama kingamwili zimekwisha kwenye damu yake, ana muda wa kutosha. Hib huvamia kwa siku chache tu. Uingereza ilijifunza jambo hili kwa uchungu: ilianza chanjo ya Hib mwaka 1992 kwa dozi tatu za uchangani bila ya kuongezea, na kuanzia mwaka 1999 wagonjwa wakaanza kuongezeka tena. Kumbukumbu ilikuwepo, ila haikuwahi. Dozi ya baadaye ilibidi iongezwe ili kingamwili zenyewe zibaki damuni.

Kipindupindu kina haraka kuliko hata Hib. Chaweza kumwangusha mtu saa chache baada ya kunywa maji machafu, na vita vyake viko utumboni. Pemba inayo historia ya chanjo yake. Mapema mwaka 2009 Zanzibar ilitoa chanjo ya kunywa katika shehia kadhaa za Unguja na Pemba, ikiwemo Mwambe, Wilaya ya Mkoani. Ilikuwa na bakteria waliouawa pamoja na kipande kimoja kisicho na madhara cha sumu yao, yaani chanjo ya vijidudu waliouawa na chanjo ya sehemu katika kikombe kimoja. Kipande hicho huharibiwa na asidi ya tumbo, ndiyo maana kwanza unga wa kutuliza asidi uliyeyushwa kwenye maji safi, kisha chanjo ikamiminwa humo, na mnywaji akatakiwa akae saa moja kabla na saa moja baada bila kula. Ilihitaji dozi mbili. Kiasi cha nusu ya waliolengwa ndio waliozipata zote, na waliozipata walikingwa kwa asilimia 79 katika mwaka uliofuata. Lakini kumbukumbu ya utumbo haidumu sana: mtu mzima huhitaji kuongezewa baada ya miaka miwili, na mtoto mdogo baada ya miezi sita.

Kituoni, saa nne anafika mtoto wa miezi tisa, wa surua na rubela. Chanjo hii ni unga mkavu wenye virusi hai. Muuguzi anavuta mililita tano za maji yake maalumu, yaliyotoka kiwanda kile kile na yenye ubaridi ule ule, anayaingiza polepole na kukizungusha kichupa mpaka unga uishe. Kisha anaandika saa juu yake. Kichupa cha penta kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28 kikitunzwa vizuri, kwa sababu kimetiwa dawa ya kuzuia vijidudu. Hiki hakikutiwa, kwani dawa hiyo ingeua virusi wenyewe. Baada ya saa sita kitatupwa, hata kama kina dozi tisa ndani. Imewahi kutokea sehemu mbalimbali duniani kwamba watoto walikufa kwa kuchomwa kichupa kilicholala mpaka bakteria wakamea humo.

Virusi hao dhaifu huzaliana mwilini kama surua halisi, na kwa kuwa hushambulia seli kutoka ndani, huamsha pia seli T zinazoua. Baadhi ya seli zinazotengeneza kingamwili huhamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa huko miongo mingi zikifanya kazi, kwa hiyo mwili haungoji kuamshwa.

Muuguzi anachoma mkononi, anajaza kadi, kisha anaandika tarehe ya miezi 18. Mama anauliza kama ile itakuwa ya kuongeza nguvu. Anamjibu kwamba kwa watoto wengi hii ya leo inatosha. Lakini wengine bado wana kingamwili walizopewa na mama zao tumboni, nazo huwaua virusi wa chanjo kabla hawajazaliana. Kwa umri huu, kiasi cha watoto 15 katika kila 100 hawashiki kinga. Kwa kumtazama hakuna ajuaye kama huyu ni mmoja wao, kwa hiyo wote wanarudi.