Kusoma Kivuli: Namna Tarakimu za Kibati cha Mota Zilivyofumbuliwa

Maandishi yaliyogongwa au kuchongwa juu ya chuma, yakiwa hayana wino wala rangi ya kuyatenga na uwanja wake, hayana weusi wala weupe wa nafsi yake. Sakafu ya herufi ni ya rangi ile ile ya bamba linaloizunguka, na kinachomwezesha msomaji kuiona ni kingo zake tu, ambapo ukingo ulioelekea taa hung'aa na ulioipa taa kisogo huingia kivulini. Hapo ndipo ilipo kanuni ambayo ni msingi wa kazi hii yote: mstari unaokwenda sambamba na mwanga hauna ukingo wa kuukabili mwanga wala wa kuuzuia, kwa hiyo hutoweka, ilhali mstari unaoukata mwanga hudhihirika. Picha moja, basi, haionyeshi herufi nzima, bali sehemu ile tu ya herufi ambayo taa imekubali kuitolea ushahidi.

Nichukue mfano wa kibati cha mota ya pampu ya kisima, mota ya fezi tatu, ambacho tarakimu zake ziligongwa kwa mihuri ya chuma, kisha kikapakwa rangi ya kijivu pamoja na mwili wa mota mara baada ya mara, hata ikawa hakuna kilichosalia ila mabonde membamba. Fundi aliyetakiwa kuzisuka upya nyaya zake alihitaji kujua kilowati, ampea na mizunguko kwa dakika, na picha ya kwanza aliyoipiga ilikuwa na mwanga ulioshuka kutoka upande wa juu wa kibati. Katika picha hiyo tarakimu 1 ilikuwa karibu haipo, kwa maana ni mstari wa wima mtupu, na tarakimu 3, 5 na 8 zilifanana kama watoto pacha, maana zote tatu zina mapao matatu ya ulalo, juu, kati na chini, na tofauti zao zimo katika mistari ya wima inayoyaunganisha, ambayo ndiyo iliyomezwa. Kilowati zilisomeka 3.5, au 5.5, au 8.5; mizunguko ilisomeka 1430, au 1450, au 1480; wala hapakuwa na njia ya kuamua kwa kukazia macho picha ile ile.

Dawa yake haikuwa kuikuza picha, bali kuihamisha taa. Kamera iliwekwa juu ya kigoda mbele ya kibati isiondoke mahali pake, giza likafanywa kwa shuka, na tochi ikaletwa kwa zamu kutoka juu, kulia, chini na kushoto. Mwanga ulipotoka kulia, mapao ya ulalo yalififia na mistari ya wima ikatokeza: tarakimu yenye ubavu upande wa kulia peke yake, juu na chini, ni 3, yenye ubavu wa kushoto juu na wa kulia chini ni 5, yenye mbavu zote nne ni 8. Lakini mwanga huo huo una hadaa yake, kwa sababu hulifuta pao la ulalo la tarakimu 7 na kuifanya ishabihi 1, na hapo sharti uamuzi urudishwe kwa picha ya mwanga wa juu. Kila upande hushuhudia usichokiona mwenziwe.

Kimo cha taa nacho kina hesabu yake. Urefu wa kivuli ni kina cha herufi kugawanywa kwa tanjiti ya pembe ambayo mwanga huifanya na bamba. Ukingo wenye kimo cha milimita 0.3 hutupa kivuli cha milimita 0.3 tu kwa nyuzi 45, cha milimita 1.7 kwa nyuzi 10, na cha zaidi ya milimita 3 kwa nyuzi 5. Herufi iliyochongwa ndani hukizuia kivuli ndani ya bonde lake, hivyo taa ikishuka kupita kiasi bonde halizidi kuwa jeusi, bali mikwaruzo ya bamba ndiyo inayoanza kushindana nalo; herufi iliyotunishwa nje hukitupa kivuli juu ya jirani yake na kuiharibu. Kwa kazi nyingi nyuzi 10 hadi 20 hutosha.

Aidha, jicho la binadamu huchukulia kwamba mwanga hutoka juu, na taa ikiwekwa chini, mabonde huonekana vilima na vilima mabonde. Asiyejua taa ilikuwa wapi na atazame kichwa cha ribiti kilichoshikilia kibati, ambacho yakini kimetuna: upande wake unaong'aa ndio ulikokuwa mwanga.

Picha nne zilipokwisha kupatikana, zilichanganywa kwa kanuni nyepesi. Kila picha iligawanywa kwanza kwa nakala yake iliyofifizwa, ili kuondoa ile hali ya upande wa karibu na taa kung'aa kuliko wa mbali. Kisha kwa kila nukta ilichukuliwa tofauti ya mwanga mkubwa kabisa na mdogo kabisa miongoni mwa picha zote nne. Uwanja tambarare hubadilika kidogo taa ihamapo, na ukingo hubadilika sana, kwa hiyo kingo za herufi hutokea nyeupe juu ya uwanja mweusi.

```python
import cv2, numpy as np
majina = ["juu.png", "kulia.png", "chini.png", "kushoto.png"]
picha = [cv2.imread(n, 0).astype("float32") + 1 for n in majina]
sawa = [p / cv2.GaussianBlur(p, (0, 0), 60) for p in picha]
t = np.max(sawa, axis=0) - np.min(sawa, axis=0)
t = cv2.normalize(t, None, 0, 255, cv2.NORM_MINMAX)
cv2.imwrite("soma.png", t.astype("uint8"))
```

Ile 60 ni kadiri ya kimo cha herufi kwa nukta: hapa milimita 3, kila milimita ikiwa na nukta 20. Ikipunguzwa sana, herufi yenyewe hufutwa pamoja na mwanga uliokusudiwa kuondolewa. Na iwapo kila mstari umetokea maradufu, kama kwamba una mwangwi, hiyo ni dalili kwamba kamera ilitikisika, na picha hazina budi kupigwa upya.

Matokeo yalikuwa 5.5, 1430, na ampea 11.3, kwa volti 400 na kigezo cha nguvu 0.82. Usomaji huo haukupokewa kabla ya kupimwa kwa hesabu. Kipeuo cha pili cha tatu, yaani 1.732, kikizidishwa kwa 400, kwa 11.3, kwa 0.82, na kwa ufanisi wa 0.86 uliozoeleka kwa mota za kadiri hii, hutoa wati zipatazo 5,520, nazo ndizo kilowati 5.5; 3.5 na 8.5 zikaanguka. Kuhusu mizunguko, mota ya ncha nne kwa umeme wa hezi 50 ina uga unaozunguka mara 1500 kwa dakika, na mota ndogo namna hii haiukaribii hata kufikia 1480. Ila baina ya 1430 na 1450 hesabu haina hukumu, maana zote mbili zawezekana, na hapo kivuli cha mwanga wa kulia ndicho kilichoamua.

Mipaka ya njia hii ni dhahiri: palipoliwa na kutu au kusuguliwa kwa tupa hata ukingo ukatoweka, hakuna kivuli cha kuchanganywa. Na aliye na picha moja tu isiyoweza kurudiwa asikisie tarakimu moja akaiandika kana kwamba ameiona. Aandike zote zinazoruhusiwa na upande wa mwanga, aonyeshe upande huo, kisha aache hesabu iondoe zisizowezekana. Fundi anayerekebisha kinga ya mota kwa ampea 17.3 badala ya 11.3 aweza kuiunguza mota, na kosa litakuwa la msomaji, si la kibati.