Uso Uliokatwa Ungali Ndani ya Faili

Chukua picha ya mchoma mishikaki wa Forodhani, Unguja, uliyoipata kwa skrinishoti ya simu yako. Yeye yuko juu, nyuma ya jiko na moshi. Chini, mbele ya meza, wamesimama watoto wawili wakisubiri zamu yao. Unataka kuwaonyesha watu kazi ya mchomaji. Watoto hao hawahusiki, na wazazi wao hawakuulizwa. Basi unavuta ukingo wa chini kwenda juu mpaka nyuso zao zinatoka, unahifadhi, unatuma. Ukiitazama picha, watoto hawapo. Ila kuna wakati walikuwa wamebaki ndani ya faili lenyewe, na aliyejua kutafuta aliwapata.

Machi 2023, Simon Aarons na David Buchanan walitangaza kasoro waliyoiita aCropalypse, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2023-21036. Ilikuwa katika Markup, programu ya kuhariri skrinishoti kwenye simu za Google Pixel. Ukikata picha, Markup iliandika picha mpya juu ya faili lile lile la zamani bila kulifuta kwanza. Waliotumia kaseti wanalijua jambo hili: ukirekodi wimbo mfupi juu ya mrefu, wimbo mpya ukiisha unasikia mkia wa ule wa zamani ukiendelea.

Tuseme skrinishoti ya mchomaji ilikuwa MB 2.4, na baada ya kukatwa ikawa MB 0.9. Faili liliendelea kuwa la MB 2.4: mwanzoni picha mpya, kisha MB 1.5 za picha ya zamani. Programu za kutazama picha hazikuuona mkia huo, kwa kuwa faili la PNG lina alama ya mwisho, IEND, na zikiifikia husimama hapo. PNG huhifadhi picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mkia uliosalia ni sehemu ya chini ya picha ya awali, pale pale waliposimama watoto. Wangekuwa juu, huenda picha mpya ingekuwa imewafuta.

Kuufufua mkia kunahitaji ujuzi kidogo. Data ya PNG hubanwa kwa mafungu, na kila fungu hurejelea yaliyotangulia, hadi KB 32 nyuma. Anayeanzia katikati hana budi kutafuta mahali fungu linapoanzia, na mistari yake ya kwanza hutoka na mapengo kwa sababu inarejelea data iliyokwisha kufutwa. Baada ya hapo picha hutulia, na uso husomeka.

Chanzo cha kasoro hii kinanisikitisha, kwa kuwa kilikuwa kidogo sana. Programu ya Android ikitaka kuandika juu ya faili hutaja namna ya kulifungua. Zamani herufi "w" ilitosha kulifuta lote kwanza. Kuanzia Android 10 haikutosha tena. Ilibidi kuandika "wt". Google ilirekebisha kasoro hiyo Machi 2023, lakini rekebisho halikuzigusa picha zilizokwisha kutumwa. Mwezi huo huo ilibainika kwamba Snipping Tool ya Windows 11 nayo ilikuwa ikiacha mkia pale mtu alipohifadhi juu ya faili lile lile.

Kwa hiyo skrinishoti zilizokatwa tangu Android 10 hadi Machi 2023 zinastahili kupimwa. Kwenye kompyuta ya Linux au Mac, hesabu alama za mwisho:

```
grep -a -o IEND picha.png | wc -l
```

Jibu la kawaida ni 1. Ukipata 2, kuna picha ya pili iliyosalia nyuma. Ifungue ile iliyokatwa katika programu ya kuhariri, uihifadhi upya kwa jina jingine, kisha uhesabu tena. Mitandao inayoisindika picha upya inapopokelewa huukata mkia huo, lakini si yote hufanya hivyo, na faili likitumwa kama hati hufika jinsi lilivyo.

Picha za kamera mara nyingi ni JPEG, nazo zina maficho yao. Kamera huweka ndani ya faili kijipicha, mara nyingi cha pikseli 160 kwa 120, na baadhi ya programu hukata picha kubwa bila kukigusa. Kitoe ukitazame:

```
exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > ndogo.jpg
```

Ukiwaona watoto hapo, `exiftool -all= picha.jpg` itakifuta pamoja na mahali na saa ya kupiga. Amri hiyo huifuta pia taarifa ya mwelekeo, hivyo picha inaweza kulala ubavu. Igeuze kabla ya kutuma. Vilevile huacha nakala ya awali kando, `picha.jpg_original`. Usikosee ukaituma hiyo, maana ndani yake kijipicha bado kipo na watoto wangali wanasubiri zamu yao.